Bosi anauliza "unataka tufanye nini?" na wewe bado uko kwenye historia ya familia

*"Daktari, mimi niko mwaka wa intani kwenye hospitali moja huku West Nile, Uganda. Kila nikiwasilisha mgonjwa kwenye mkutano wa asubuhi nakatizwa katikati. Juzi bosi aliniuliza, 'Sasa wewe unataka tufanye nini?' na mimi bado nilikuwa kwenye historia ya familia. Nasoma kila kitu kwa mpangilio tuliofundishwa chuoni. Niipange vipi kesi, kuanzia maelezo ya mgonjwa hadi mpango wa matibabu, ili wenzangu wanisikilize mpaka mwisho?"*

Musawo, mpangilio uliofundishwa chuoni ni wa kukusanya habari. Unapokaa kando ya kitanda saa nne usiku hujui mgonjwa ana nini, kwa hiyo unauliza kila kitu, hata bibi yake alikufa kwa ugonjwa gani, na unafanya vizuri. Lakini ukisimama mbele ya wenzako asubuhi, una maoni tayari. Kazi yako sasa ni kuwaonyesha kwa nini unafikiri hivyo na unaomba nini, na kuwapa nafasi ya kukuambia umekosea. Ukiwasomea faili, unawarudisha wote saa nne usiku, na bosi wako hana subira ya kurudi huko. Mimi pia sina.

Mimi naandaa wasilisho kuanzia nyuma. Kwanza najua nitaomba nini, kisha naandika sentensi moja inayomweleza mgonjwa, na baada ya hapo ndipo narudi kwenye faili kuchagua kinachoingia. Nitakuonyesha kwa mgonjwa mmoja niliyemtunga kutokana na wengi niliowaona, wa aina ambayo wewe utampata kabla mwaka wako haujaisha.

Ni mwanaume wa miaka 34, muuza samaki wakavu, anayesafiri kati ya soko na ziwa. Ameletwa na mke wake kwa bodaboda, amekaa katikati huku mke amemshikilia kwa nyuma. Kwenye faili, kilichomleta kimeandikwa "malaria isiyopona". Usiku ule umegundua kwamba ana VVU, kichwa kimemuuma wiki 3, na maji ya uti wa mgongo yana fangasi wa kriptokokasi. Sasa ni saa mbili asubuhi na una dakika tano.

Sentensi yangu ingekuwa hii: "Mwanaume wa miaka 34 mwenye VVU, aliyeacha ARV miezi 7 iliyopita, mwenye maumivu ya kichwa yaliyozidi taratibu kwa wiki 3, na sasa anatapika, anaona vitu viwili viwili na amechanganyikiwa, bila degedege wala udhaifu wa mkono au mguu."

Iangalie kwa utulivu, maana nusu ya kazi imo humo. "Wiki 3" na "taratibu" zinawaondoa wasikilizaji kwenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria wa kawaida, ambayo kwa kawaida huja kwa saa au siku chache. Zinawaondoa pia kwenye malaria kali. Ungesema tu "ana maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa", nusu ya chumba wangekuwa wanafikiria atesuneti. "Aliyeacha ARV miezi 7" inawaambia kinga imeshuka, kwa hiyo wataanza kufikiria fangasi, kifua kikuu na toksoplasma hata kabla hujasema. "Anaona viwili viwili" ni dalili ya presha kubwa ndani ya kichwa. Yale maneno ya mwisho, "bila degedege wala udhaifu", nimeyaweka makusudi kwa sababu najua mtu atauliza ulithubutuje kuchoma sindano ya mgongo bila picha ya CT. Nitarudi hapo.

Ona pia kilichokosekana. Hakuna kabila, hakuna dini, hakuna idadi ya watoto. Safari za ziwani na samaki havimo. Vimo kwenye faili, na akiuliza mtu utamjibu.

Sasa maelezo ya mgonjwa. Sentensi ya kwanza ikishatoka, wasikilizaji wanataka hadithi ya wiki 3 zile kwa mfululizo, na mfululizo huo uhesabiwe kurudi nyuma kutoka siku aliyolazwa. Usiseme "Jumanne alikwenda kituo cha afya". Hakuna anayekumbuka Jumanne ilikuwa ya ngapi. Sema "siku 20 kabla ya kulazwa kichwa kilianza", "siku 14 kabla alinunua dawa ya malaria dukani bila kupimwa", "siku 6 kabla alipimwa malaria kituo cha afya ngazi ya tatu, kipimo cha haraka kikawa hasi, akapewa dawa ya malaria tena", "siku 4 kutapika, siku 2 kuona viwili, jana usiku akamwita mke wake kwa jina la dada yake". Hilo jina la dada litakaa kichwani mwa watu kuliko neno "kuchanganyikiwa" peke yake.

Hapa kuna mtego wa lugha ambao sisi tunaotibu kwa Kiswahili, Kiganda na Kilugbara katika wodi moja tunauingia kila wiki. Kwa Kiswahili mtu akikuambia "nina homa" anaweza kumaanisha mwili umechemka, anaweza kumaanisha malaria, anaweza kumaanisha tu anajisikia vibaya. "Omusujja" kwa Kiganda una shida ileile. Intani anasikia "homa wiki 3", anaandika kwa Kiingereza neno la joto la mwili kupanda, na kesho asubuhi tunajadili homa ya wiki 3 ambayo haikuwepo. Muulize mke: mwili ulikuwa wa moto ukimgusa? Alitetemeka? Alilowesha shuka kwa jasho? Kwa huyu wetu, mke alisema mwili ulikuwa wa kawaida, "ni kichwa tu, kichwa, kichwa." Basi ukisimama mbele ya watu usiseme "homa". Sema hakuwa na joto la mwili kwa maelezo ya mke. Na sema kwamba maelezo yametoka kwa mke, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakuweza kueleza vizuri. Msikilizaji ana haki ya kujua shahidi ni nani.

Shahidi wa pili ni daftari. Wagonjwa wetu wengi hubeba daftari la shule la kurasa 32 ambalo kila kituo kimeandika humo na kugonga muhuri. Lisome kabla hujasimama. Ndimo utakapokuta kile kipimo cha malaria kilichokuwa hasi. Kwa kawaida nakataza kuchanganya majibu ya maabara na maelezo ya mgonjwa, lakini hilo moja ni sehemu ya hadithi, kwa sababu linaeleza alivyopoteza wiki 2.

Jambo la ARV nataka nilikazie zaidi, maana liliwahi kunifedhehesha. Nikiwa kijana kama wewe, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, niliwasilisha mama mwenye ugonjwa huuhuu nikasema "anatumia ARV". Bosi akauliza, "Nani amekwambia?" Nikasema faili. Faili lilinakili kutoka faili la zamani, ambalo lilinakili kutoka kadi ya kliniki. Tulikuwa tumempa vidonge vyake siku ya kwanza wodini, "tuendelee na dawa zake". Mchana ule dada yake alileta mfuko wa plastiki wenye makopo matatu, mawili hayajafunguliwa. Hakuwa ameendelea na dawa yoyote, alikuwa ameanzishwa upya na sisi, siku ya kwanza, tena bila yeyote kuamua hivyo, na kwa ugonjwa huu ARV husubirishwa kwanza, kama utakavyoona mbele. Wiki ya tano alirudi kichwa kinamuuma vibaya kuliko mwanzo. Siwezi kuapa kwamba ni sisi tuliosababisha, lakini tangu hapo siku zote nasema mambo matatu kwa pamoja: aliambiwa lini ana VVU, kidonge cha mwisho alikimeza lini, na nani kalithibitisha. Kwa mgonjwa wetu: alipimwa 2019, alimeza cha mwisho miezi 7 iliyopita alipohama soko, na mke ndiye aliyesema, na kadi ya kliniki inakubaliana naye.

Historia ya familia, ya upasuaji, ya mzio? Sentensi moja: "Hana kifua kikuu alichowahi kutibiwa, hana mzio wa dawa, hana kisukari, hana ugonjwa wa figo unaojulikana." Figo nimezitaja kwa sababu nitaomba dawa inayoziumiza. Ungekuwa na mgonjwa mwingine ungetaja kitu kingine.

Tuje kwenye ulichokikuta ulipompima. Makosa mawili ndiyo ninayoyasikia zaidi. La kwanza ni neno "anaendelea vizuri" au "vipimo vya msingi ni sawa" mahali pa namba. Toa namba: joto 37.4, presha 138/84, mapigo ya moyo 58, anapumua mara 18 kwa dakika, oksijeni asilimia 97, alama za Glasgow 14 kati ya 15 kwa sababu anajibu kwa kuchanganyikiwa, uzito kilo 52. Mapigo 58 kwa mtu mgonjwa hivi, mwenye maumivu na kutapika, ni ya kushangaza. Mwenye sikio kali atainua kichwa na kufikiria presha ya ndani ya fuvu. Ungesema "ni sawa" ungemnyima nafasi hiyo. Na uzito, tafadhali, uwe wa mizani. Mpango mzima wa dawa unasimama juu ya huo uzito.

La pili ni kutaja jina la dalili bila kusema umeona nini. "Mshipa wa fahamu wa sita umepooza" ni tafsiri. Ulichoona ni kwamba ukimwambia afuate kidole chako kwenda kushoto, jicho la kulia linafuata na la kushoto linabaki katikati. Sema hivyo kwanza, halafu tafsiri yako. Daktari mwingine akienda kitandani akakuta jicho linatoka vizuri, mtajua kama mgonjwa amebadilika au kama mlitofautiana kuona.

Mengine ni mafupi: shingo ngumu kidogo, utando mweupe mdomoni, nguvu za mikono na miguu ziko sawa pande zote, mapafu safi, wengu hauguswi. Na sema usichokipima: "Sikuweza kuangalia nyuma ya jicho, kifaa hakina betri." Hakuna atakayekucheka. Watakucheka ukisema iko sawa kisha mtu mwingine akaangalia.

Vipimo vivipe mpangilio wa hoja, usifuate mpangilio wa karatasi za maabara. Malaria hasi kwa hadubini. Sukari ya damu 5.4, kwa hiyo kuchanganyikiwa hakutokani na sukari kushuka. CD4 ni 22. Antijeni ya kriptokokasi kwenye damu ipo. Kisha maji ya uti wa mgongo: presha ilikuwa sentimita 38 za maji, maji safi kama ya bomba, chembe nyeupe 8, protini imepanda kidogo, sukari imeshuka kidogo, wino wa India umeonyesha fangasi, antijeni ipo. Kreatinini 82, potasiamu 3.6, sodiamu 129, damu 9.8.

Presha ya maji ni namba inayosahaulika kuliko zote, mara nyingi kwa sababu haikupimwa. Manomita haipo, basi watu wanaandika "yalitoka kwa kasi". Unaweza kutumia mrija safi wa dripu ambao haujaguswa na mikono, ukaunganisha na sindano ya mgongo, ukausimamisha wima na kupima kwa rula maji yamepanda sentimita ngapi juu ya sindano, mgonjwa amelala ubavu. Si kipimo cha kifahari, lakini kati ya 15 na 38 hakuna atakayekosea. Ukisema mbele ya watu "38, kwa mrija wa dripu", wanajua namba na wanajua iaminiwe kiasi gani.

Hapa ndipo wawasilishaji wengi wanaruka moja kwa moja kwenda kwenye matibabu, kama kwamba wino wa India umemaliza mjadala. Simama kidogo. Rudia sentensi yako ya mwanzo, safari hii ukiwa umeongeza ulichokipata: "Kwa hiyo ni mwanaume wa miaka 34, CD4 22, mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi iliyothibitishwa, presha ya maji 38, na mshipa wa sita wa kushoto haufanyi kazi." Kisha hoja.

Hoja usiifanye orodha ya magonjwa kumi. Chukua mawili au matatu ambayo yangebadilisha utakachokifanya leo, na kila moja useme linaungwa mkono na nini na linapingwa na nini. Kriptokokasi imethibitika, swali lililobaki ni kama iko peke yake. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kuja nayo kwa mtu mwenye CD4 22. Sukari ya maji iliyoshuka na protini iliyopanda haviwezi kukiondoa. Sodiamu 129 vilevile hukipa kifua kikuu uzito, ingawa kutapika siku 4 kunatosha kuieleza. Kinachokipinga ni kwamba hana kikohozi, hajapungua uzito kwa maelezo ya mke, na kila kitu alicho nacho kinaelezeka na fangasi. Basi unasema: "Naiweka ya pili, nimepeleka maji mililita 6 kwa kipimo cha Xpert Ultra, na najua jibu hasi halitaiondoa kabisa. Sianzi dawa za kifua kikuu leo. Nitafikiria upya akizidi kuchanganyikiwa wakati presha ya maji imeshatulia." Umeona? Umesema unachoamini, kinachokupinga, na kitakachokufanya ubadili mawazo. Hapo bosi akitaka kupinga anajua ashike wapi.

Toksoplasma huleta zaidi udhaifu wa upande mmoja na degedege, na hana. Bakteria wa kawaida hawaji kwa wiki 3 wakaacha maji safi yenye chembe 8. Kila moja sentensi moja, endelea.

Na taja kile ambacho mwenye haraka atakisoma vibaya. Chembe nyeupe 8 tu kwenye maji si habari njema hapa. Zinaonyesha mwili hauna nguvu ya kupambana, na wagonjwa wa kriptokokasi wenye chembe chache huwa na hali mbaya zaidi. Nimesikia mtu mzima akisema "chembe ni chache, kwa hiyo uti wa mgongo ni salama", na maskini mgonjwa karibu apelekwe nyumbani.

Sasa lile swali la CT. Litaulizwa, kwa hiyo lijibu kabla halijaulizwa, kwa sentensi mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema uogope sindano ya mgongo pale unaposhuku uvimbe kwenye ubongo kwa sababu ya udhaifu wa upande mmoja au degedege zinazojirudia, au pale damu haigandi vizuri. Mshipa wa sita peke yake hauhesabiwi humo, kwa sababu ni presha yenyewe inayoubana, na kutoa maji ndiyo dawa yake. Ndiyo maana nilitaja tangu sentensi ya kwanza kwamba hana degedege wala udhaifu. Hoja nzuri huwa imepandwa mapema hivyo.

Mpango. "Aendelee na matibabu na kufuatiliwa kwa karibu" si mpango. Mpango una dawa, kiasi, saa, anayefanya, na namba ambayo ikifikiwa mtu ataitwa. Kwa huyu ningesema hivi:

"Presha kwanza. Jana usiku nilitoa maji mililita 25, ikashuka kutoka 38 hadi 18. Leo mchana narudia kupima. Ikiwa 25 au zaidi, au kichwa kimerudi, natoa tena, si zaidi ya mililita 30 kwa mara moja, nikilenga chini ya 20 au angalau nusu. Nitarudia kila siku mpaka itulie. Simpi deksamethasoni."

Hiyo sentensi ya mwisho iweke hata kama hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuna mtu wodini ambaye mkono wake unakwenda huko wenyewe akisikia presha ya kichwa. Utafiti uliofanyika Asia na Afrika, Uganda ikiwemo, na kutolewa 2016 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa deksamethasoni kwa ugonjwa huu walipata madhara na ulemavu zaidi.

"Dawa za fangasi: kilo 52 mara 10 ni miligramu 520 za amfoterisini B ya liposomu, dozi moja tu. Chupa ni za miligramu 50, kwa hiyo nahitaji 11. Nimeongea na famasi, wana 8, na hilo ndilo ombi langu la kwanza kwenu. Pamoja nayo flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku: 5200 kugawa mara 4 ni 1300, nampa 1250, yaani vidonge viwili na nusu vya 500 kila saa 6. Na flukonazoli 1200 kwa siku. Hizo mbili kwa siku 14. Akitapika vidonge ndani ya saa moja, tunapitisha mpira wa puani na kuvisaga."

Dozi moja ya amfoterisini ikifuatiwa na siku 14 za vidonge ndiyo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza tangu 2022, baada ya utafiti uliofanyika nchi tano za Afrika, yetu ikiwa mojawapo. Ukisema hesabu kwa sauti, kama nilivyofanya, mwenye kikokotoo kichwani atakukamata ukikosea sifuri. Ndiyo sababu ya kuisema.

Kisha kuna kitu kidogo ambacho hakimo kwenye vitabu vya kuwasilisha, lakini kimo kwenye mpango mzuri: mahali ambapo kazi itaharibika. Amfoterisini hii inachanganywa na dekstrosi ya asilimia 5. Ikikutana na maji ya chumvi inaharibika. Na kabla yake unampa lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu, kulinda figo. Sasa fikiria nesi wa zamu, wagonjwa 40, mrija mmoja wa dripu: chumvi imeisha, anaunganisha amfoterisini palepale. Kwa hiyo unasema: "Mrija usafishwe kwa dekstrosi kabla ya amfoterisini. Nimeandika kwenye chati kwa wino mwekundu na nimemwambia sista wa mchana." Sista akiwepo mkutanoni, mwangalie ukisema.

"Kreatinini na potasiamu narudia siku ya 3 na ya 7, hesabu ya damu siku ya 7 kwa sababu flusitosini hugusa uboho na tayari ana 9.8. Kreatinini ikipanda, flusitosini ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Baada ya siku 14, flukonazoli 800 kwa wiki 8, kisha 200 kwa muda mrefu. ARV hazianzishwi sasa. Zitaanza upya kati ya wiki ya 4 na ya 6, na nimeandika tarehe juu ya faili ili asipewe kwa bahati mbaya."

Hapo mkuu mmoja anaweza kusema: lakini mtu wa CD4 22 unamwacha bila ARV mwezi mzima? Ni swali zuri na uwe tayari. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kutolewa 2014 ulilinganisha kuanza ARV ndani ya wiki 1 hadi 2 na kusubiri karibu wiki 5. Katika miezi 6, walioanza mapema walikufa asilimia 45 na waliosubiri asilimia 30. Lakini uwe mkweli: wale walikuwa hawajawahi kutumia ARV, na wako aliziacha. Mwongozo unamhusu vilevile, na mimi naufuata, ila usiseme utafiti ulimhusu yeye.

La mwisho kwenye mpango ni mke. Sindano ya mgongo ina jina baya kwetu. Watu wameona jirani akichomwa na kufa siku ya pili, wakajumlisha. Ikiwa unataka kuirudia kila siku, anayekubali au kukataa ni yule aliyekaa kwenye mkeka chini ya kitanda. Sema nani ameongea naye na alijibu nini. "Nilimwambia maji yanabana kichwa na tunayapunguza. Akasema jana usiku baada ya sindano mume wake alimwita kwa jina lake." Hiyo si porojo, ni taarifa kuhusu alama za Glasgow na kuhusu ridhaa kwa mara moja.

Malizia na ombi, na liwe la kujibika: "Nahitaji chupa 3 za amfoterisini kabla ya saa sita, na nataka maoni yenu kama nianze dawa za kifua kikuu nikisubiri Xpert." Kisha nyamaza. Intani wengi wakifika hapo wanaogopa kimya wanaanza kurudia.

Kuhusu karatasi: usiingie na faili peke yake. Chukua nusu ya karatasi, mbele uandike ile sentensi, mfululizo wa siku, namba, na ombi. Nyuma uandike vile ulivyoviacha, yaani familia, kazi, dozi za dawa za dukani. Bosi akikukatiza, mjibu alichouliza kwa sentensi moja, weka kidole ulipoishia, uendelee kutoka hapo. Na utakuwa unawasilisha kwa Kiingereza, najua, lakini ile sentensi ya kwanza iandike kwanza kwa lugha uliyoongea na mke wa mgonjwa. Ikikataa kueleweka kwa lugha hiyo, rudi kitandani ukamuulize tena kabla ya saa mbili.